Nyumba yako iko wapi, mama?

POSTI YA 1

Kina mama, na kina baba mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona. Wiki hii siongelei uji wa lishe wala homa. Naongelea kile kibao kidogo chenye namba kilichopigiliwa ukutani kwako. Au ambacho hakijapigiliwa. Vumilieni posti ni ndefu, nimezigawa sita, someni taratibu mkiwa mnanyonyesha.

Naanza na usiku mmoja. Nilikuwa nimelala, simu ikaita saa nane. Mwezi wa sita, mnajua baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita ilivyo. Ni binti mmoja ninayemfahamu, anakaa na dada yake aliyepanga pembezoni mwa mji, kule nyumba zinakoota kama uyoga. "Sista, dada ana uchungu, chupa imepasuka, bajaji tumeiita lakini haifiki."

Nikamuuliza mmempa maelekezo gani. Akasema, "Tumemwambia aje mpaka kwenye mashine ya kusaga, apinde kushoto, nyumba ya tatu yenye geti la bluu."

Maelekezo mazuri kabisa, ya mchana. Tatizo ni kwamba dereva alijua mashine nyingine ya kusaga. Ile aliyokuwa anaisema binti ilifunguliwa mwaka jana tu, ya kwake ilikuwepo miaka yote. Kwa hiyo akafika kwenye mashine, akapinda kushoto, akahesabu nyumba tatu, akakuta geti la kijani na mbwa. Na saa nane za usiku, geti la bluu na geti la kijani yote ni meusi.

Ilichukua karibu dakika arobaini mpaka wakakutana, na wakakutana kwa sababu yule binti alitoka nje akawa anawasha tochi ya simu juu ya kichanja cha vyombo. Mama akajifungua salama, mtoto mzima, namshukuru Mungu. Lakini mimi nilikaa na zile dakika arobaini kichwani. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili asipopata msaada. Ukitoa dakika arobaini za kutafuta geti la bluu, hesabu iliyobaki fanya mwenyewe.

Kesho yake nikapita pale. Nyumba ile haina namba. Njia inayoingia pale haina jina. Jirani wa nyumba ya mbele, yeye anacho kibao. Nikajiuliza, imekuwaje?

POSTI YA 2

Kwanza tuulizane, kwa nini miaka yote hatukuwa na anwani za nyumba?

Wale wa umri wangu mnakumbuka. Ukiandika barua unaandika jina, halafu S.L.P., halafu Sumbawanga. Sanduku la Posta. Wengi wetu hatukuwa hata na sanduku letu. Tulikuwa tunatumia la shule, la parokia, au la ofisi ya mjomba. Majibu ya kuchaguliwa kwenda sekondari yalikuja kwenye sanduku la shule, mwalimu mkuu ndiye aliyeyatoa.

Sasa fikiria sanduku linasema nini kuhusu mtu. Linasema barua yake itakaa wapi. Halisemi analala wapi. Mfumo huu tuliurithi tangu enzi za mkoloni, na ulifanya kazi kwa sababu posta haikuwa na mpango wa kukufuata nyumbani, wewe ndiye uliyeifuata posta. Nchi ambazo tarishi alipita mlango kwa mlango zilikuwa na sababu kubwa ya kuzipa nyumba namba, maana namba zilimrahisishia tarishi kazi. Sisi tarishi huyo hatukuwa naye, kwa hiyo hakuna aliyesukumwa kuhesabu milango yetu.

Na serikali ilipotaka kumpata mtu ilimpata vipi? Kupitia mtu mwingine. Tangu miaka ya 1960 tuna balozi wa nyumba kumi. Juu yake mwenyekiti wa mtaa au kijiji, juu yake mtendaji wa kata. Ukimtafuta mama fulani unaanza kwa mtendaji, anakupeleka kwa mwenyekiti, mwenyekiti anakuambia muone balozi, balozi anakushika mkono mpaka mlangoni. Hiyo ni anwani, wapendwa. Ni anwani inayotembea kwa miguu.

Na siidharau. Kijijini inashinda namba yoyote. Nimefanya kazi vijijini kwetu huku Ufipa, na balozi aliweza kuniambia nyumba ipi ina mtoto ambaye hajaletwa kliniki, na kwa nini hajaletwa. Kibao hakiwezi kukuambia hivyo.

Lakini inataka mambo mawili: nyumba ziwe chache, na watu wajuane. Mji ukikua, vyote viwili vinaondoka.

POSTI YA 3

Mji wetu umekua kweli kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi kidogo ya laki mbili katika Manispaa ya Sumbawanga. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya laki tatu. Hao wapya hawakujipanga foleni mjini kati. Wameenda pembezoni, kwenye yaliyokuwa mashamba ya mahindi na maharage.

Na mnajua tunavyojenga. Mwenye shamba anakata vipande. Unanunua kipande, mnaandikishana kwa mwenyekiti, mashahidi wanasaini. Unapiga tofali zako, unachoma, unainua vyumba viwili, unahamia hata kabla ya kupiga lipu. Jirani naye anafanya hivyo hivyo. Nafasi iliyobaki katikati ya nyumba yako na yake, hiyo ndiyo inakuwa njia. Mwingine akija anaizibia na choo, njia inahamia upande mwingine.

Hapo ndipo penye fundo la mambo yote. Anwani ya nyumba hutegemea barabara. Unaipa barabara jina, unaanza mwanzo wake, unahesabu nyumba kwa mpangilio, upande mmoja namba 1, 3, 5, na upande wa pili 2, 4, 6. Mtu akiona 8 anajua 10 iko mbele, akikutana na 6 anajua amepita. Mfumo mzima unasimama juu ya barabara. Sasa kama nyumba zimetangulia na barabara haijulikani ni ipi, unahesabu kuanzia wapi?

Kwa hiyo mtu akisema miji inayokua haraka haina anwani kwa sababu watu wake ni wazembe, mimi nakataa. Haina anwani kwa sababu nyumba ilikuja kwanza, na mpimaji, kama alikuja, alikuja mwisho. Upimaji una gharama yake na una foleni yake. Mama mwenye watoto watatu kwenye chumba cha kupanga hawezi kuisubiri ramani.

Na hata palipopimwa, msichanganye mambo mawili. Ile namba ya kiwanja na herufi ya kitalu kwenye karatasi zako siyo anwani. Ni namba ya ardhi. Inafuata mpimaji alivyochora, haifuati barabara inavyotembea. Kiwanja 45 kinaweza kupakana na kiwanja 112. Afisa ardhi ataipata kwenye ramani yake, lakini dereva wa bajaji usiku hawezi.

POSTI YA 4

Sasa tuje kwenye vibao. Tarehe 8 Februari 2022, pale Dodoma, Rais Samia alizindua operesheni ya Anwani za Makazi nchi nzima. Wazo lenyewe halikuwa jipya, sera ya posta ya mwaka 2003 ilishalitaja, lakini lilikwenda polepole miaka mingi. Kilicholisukuma mwaka ule ni sensa iliyokuwa inakuja tarehe 23 Agosti. Vijana wakaingia mitaani na simu, wakaandika nyumba, wakachukua alama ya mahali kwenye ramani, vyote vikaingia kwenye mfumo unaoitwa NaPA.

Anwani kamili ina vipande vitatu: namba ya nyumba, jina la barabara au mtaa, na postikodi. Tuseme ni 14, Barabara ya Mikaratusi, halafu namba tano. (Hiyo barabara nimeitunga ya mfano, msije mkaitafuta.)

Zile namba tano zinasomeka hivi, na ukishajua hausahau. Ya kwanza ni kanda. Sisi Nyanda za Juu Kusini ni 5. Ya pili ni mkoa, na Rukwa ni 5 tena, ndiyo maana postikodi zote za Rukwa zinaanza na 55. Ukiona 41 ujue ni Dodoma. Ya tatu ni wilaya. Mbili za mwisho ni kata.

Umeona inapoishia? Kata. Postikodi ni kama kumwambia mtu upo ukoo gani, haijakutaja jina. Kata moja ya mjini kwetu inaweza kuwa na maelfu ya watu. Nimewahi kusikia mtu anajisifu, "Mimi nina postikodi, nikipiga simu watanifikia." Hapana mpendwa, watafikia kata yako. Kukufikisha mlangoni ni kazi ya vipande viwili vya mwanzo, jina la barabara na namba ya nyumba. Na hivyo viwili ndivyo vinavyooza haraka.

Vinaoza vipi? Kibao kinang'oka. Nguzo ya jina la barabara inagongwa na lori au inageuzwa chuma chakavu. Barabara inapewa jina zuri kwenye kikao, lakini watu wote wanaendelea kuiita "njia ya kwa mama ntilie". Na kubwa kuliko yote, nyumba mpya zinaendelea kujengwa kila siku. Ile nyumba ya posti ya kwanza? Nilipouliza, ilijengwa baada ya vijana wa operesheni kupita. Jirani wa mbele alikutwa, yeye hakuwepo. Imechomoza katikati ya 12 na 14, na haiwezi kuitwa 13 kwa sababu 13 iko ng'ambo ya njia. Kuna dawa ya hilo, sehemu nyingi duniani hutumia herufi, 12A. Lakini lazima kuwe na mtu wa kuja kuiandika hiyo 12A, na awepo kila mwezi, siyo wakati wa sensa tu.

POSTI YA 5

Mnaweza kusema sista unakuza mambo, bajaji ilipotea mara moja tu. Sawa. Basi niwakumbushe kitu tulichokipitia wote.

Mwaka 2023 kirusi cha polio kilionekana kwa mtoto hapa hapa mkoani kwetu Rukwa. Nchi hii mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili alionekana 1996, kwa hiyo haikuwa habari ndogo. Septemba mwaka ule ikafanyika kampeni ya matone, nyumba kwa nyumba, kwa watoto wote wa chini ya miaka minane, katika mikoa sita: Rukwa, Katavi, Songwe, Mbeya, Kigoma na Kagera.

Nyumba kwa nyumba maana yake nini kwa vitendo? Kila timu inapewa eneo. Wanapewa ramani, na mara nyingi ni ya kuchorwa kwa mkono: hapa kanisa, hapa mto, hapa shule, anzieni hapa, ishieni pale. Wakimaliza nyumba wanaandika mlangoni kwa chaki, tarehe na idadi ya watoto waliopata. Mtoto anapakwa wino kwenye kidole.

Umeona? Kwa siku zile za kampeni tunatengeneza anwani zetu wenyewe, za chaki. Mvua ya kwanza ikinyesha zimekwisha. Kampeni inayofuata tunaanza upya.

Na mtoto anakosekana wapi? Siyo katikati ya eneo la timu. Anakosekana mpakani. Timu A inadhani zile nyumba nne ng'ambo ya korongo ni za timu B, na timu B inadhani ni za timu A. Wakaguzi wakipita baadaye kuangalia vidole, ndipo wanakuta watoto wa nyumba zilizofuatana hawana wino. Ukiona hivyo, usimlaumu mama kwamba amekataa chanjo. Hakuna mtu aliyegonga mlango wake. Nyumba zenye namba zinazojulikana unazigawa kwa karatasi: timu A 1 mpaka 60, timu B 61 mpaka 120. Nyumba ikikosekana utaona pengo kwenye orodha. Nyumba isiyo na namba haiachi pengo, inapotea kimya.

Sisi watu wa afya jambo hili tunalijua tangu zamani. London, mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu mtaa wa Broad Street, daktari John Snow alichukua orodha ya waliofariki pamoja na nyumba walizokaa, akaziweka kwenye ramani. Vifo vikaonekana vimezunguka pampu moja ya maji. Angepewa orodha ya majina yenye "S.L.P. London", ile pampu angeipataje?

POSTI YA 6, YA MWISHO

Sasa maoni yangu, na mkinipinga nipingeni kwa heshima.

Kwanza, msivifute vibao wala namba za rangi. Najua kwa nini wengine wanafuta. Kwetu ukuta ukiandikwa kitu mtu anaikumbuka ile X nyekundu ya bomoa bomoa, anaogopa. Wengine wanasema ni mtego wa kodi. Lakini kodi ya majengo tangu Julai 2021 inakatwa kwenye LUKU, unapoweka umeme imeshakatwa. Kufuta kibao hakukupunguzii hata shilingi. Upande wa pili, kibao pia siyo hati. Hakikupi umiliki, na kama una mgogoro wa mpaka hakitakusaidia. Kazi yake ni moja tu, kusema nyumba iko hapa.

Pili, na hapa nawaambia viongozi wetu wa mitaa kwa upendo: kazi hii haikuisha 2022. Anwani ni kama kadi ya mtoto ya kliniki. Usipojaza kila mwezi haikuambii hali ya mtoto leo, inakuambia alikuwaje zamani. Mwenyekiti anayesaini mauziano ya kipande cha ardhi anajua kabla ya mtu yeyote kwamba nyumba inakuja pale. Siku hiyo hiyo ndiyo siku ya kuuliza namba. Ningekuwa na uwezo ningesema kila anayesainiwa mauziano aondoke na namba yake mkononi, hata kama bado ni shimo la msingi. Na majina ya barabara yawe yale watu wanayoyasema. Kama wote wanaiita Mashineni, iandikwe Mashineni.

Kuna watakaosema vibao vya nini, simu zina ramani. Ghana tangu 2017 wana anwani za kidijitali, nchi imekatwa miraba midogo na kila mraba una namba yake kwenye simu. Ni nzuri. Lakini mwenye kuijua ni mwenye simu janja, chaji na mtandao. Mtoto wa miaka tisa anayetumwa kuita msaada hawezi kuisoma ukutani. Mimi nataka vyote viwili, na nikilazimishwa kuchagua kimoja nachukua kibao.

Tatu, ninyi mama zangu. Mjamzito au mwenye kichanga, namba ya m-mama ni 115, ni bure. Ni kwa wajawazito, waliojifungua mpaka siku 42, na watoto wachanga mpaka siku 28. Anayepokea atakuuliza hali ya mgonjwa, halafu atakuuliza upo wapi, ili atume gari la wagonjwa, au kama halipo karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Swali la pili ndilo tunaloshindwa kujibu.

Kwa hiyo leo jioni fanyeni hivi. Toka nje usome kibao chako. Andika namba, barabara, na zile namba tano nyuma ya kadi yako ya kliniki. Kama huna kibao, nenda kwa mwenyekiti au mtendaji, uliza nyumba yako ipo kwenye NaPA au haipo. Mpangaji nawe uliza, usiseme nyumba siyo yangu; uchungu utakaokushika ni wako.

Halafu chini yake andika maelekezo ya usiku. Siyo geti la bluu. Andika kitu kinachoonekana gizani na kisichohama: kanisa, shule, daraja, taa ya nguzo. Andika barabara kubwa ya mwisho ambayo gari linapita, na jina la mtu atakayesimama pale na tochi. Mfundishe mume, mfundishe wifi, mfundishe mtoto mkubwa. Mwambie aseme kwa sauti, kama anavyosema hesabu.

Yule mama wa posti ya kwanza alikuja kliniki wiki ya sita. Mtoto ana kilo nne na nusu, mashavu tele. Nikageuza kadi yake. Nyuma ameandika kwa peni: "Kanisani, si mashineni. Dada anasubiri na tochi." Sehemu ya namba ya nyumba ameacha wazi. Ameshaenda kwa mwenyekiti mara mbili, ameambiwa jina lake limeandikwa, asubiri.

Wenye namba tayari, nendeni mkaziandike. Mnaosubiri kama yeye, niambieni hapa chini mpo mtaa gani, nikusanye orodha niipeleke mwenyewe kwa mtendaji.